Herufi Mbili za "Msiyaweke": Namna ya Kupima Makosa ya Manukuu ya Video



Mwaka jana vijana wanne walinijia nyumbani na kompyuta mpakato na video moja ya dakika kumi na mbili. Vijana hawa hutengeneza video za mafunzo ya kilimo. Katika hii, bwana shamba amesimama mbele ya ghala anaeleza jinsi ya kukausha na kuhifadhi mahindi. Walitaka maneno yake yaandikwe chini ya picha, maana watazamaji wao wengi huangalia simu bila sauti, ndani ya daladala au nyumbani watoto wakiwa wamelala, na wapo pia viziwi wanaolima kama wakulima wengine. Walikuwa wamekwisha kununua programu inayosikiliza sauti na kuigeuza maandishi. Muuzaji aliwaambia kwamba ni sahihi kwa asilimia 95. Swali lao lilikuwa fupi: "Mzee, tuamini?"

Nimefanya kazi ya unukuzi tangu enzi za kaseti, wakati tulipokuwa tukirudisha mkanda kwa kidole mpaka kitufe kikachakaa. Asilimia peke yake hainitoshi. Niliwauliza vijana: hizo 95 zimehesabiwa juu ya sauti ya nani, zimelinganishwa na maandishi gani, na kosa lilihesabiwaje? Hakuna aliyejua. Basi tukakaa tukapima wenyewe, na mhadhara wangu wa leo ni maelezo ya kipimo kile.

Kipimo kinachotumiwa duniani kote kwa kazi hii huitwa kiwango cha makosa ya maneno, na kwenye skrini mtakiona kimeandikwa WER. Wazo lake ni jepesi. Unachukua maandishi mawili ya sauti ileile. La kwanza ni rejea, yaani yale ambayo mtu mwenye masikio mazuri ameyasikia na kuyaandika. La pili ni nakala ya mashine. Kisha unauliza: ili nakala ya mashine iwe sawa na rejea, nifanye marekebisho mangapi kwa uchache? Marekebisho ni ya aina tatu tu. Mashine ikiandika neno moja mahali pa jingine, huo ni ubadilishaji. Ikiruka neno lililosemwa, ni udondoshaji. Ikiingiza neno ambalo halikusemwa, ni uchopekaji. Unajumlisha yote matatu, unagawanya kwa idadi ya maneno ya rejea.

```
WER = (S + D + I) / N
```

S ni ubadilishaji, D udondoshaji, I uchopekaji, na N ni maneno ya rejea. Angalieni hiyo N: ni maneno yaliyosemwa, wala si maneno yaliyoandikwa na mashine. Jambo hili litatusumbua baadaye.

Kabla ya hesabu yoyote kuna kazi ya rejea, na hapo ndipo vipimo vingi huharibikia. Vijana wangu walipendekeza njia ya mkato: tuchukue maandishi ya mashine, tusikilize huku tukisahihisha, kisha tuite matokeo yake rejea. Nikakataa. Jicho likishasoma neno, sikio hulifuata. Mashine ikiandika "wakulima wengi wanavuna" na mtu akawa amesema "huvuna", ukisoma kwanza utasikia "wanavuna" na kupita. Kosa litabaki ndani ya rejea yenyewe na mashine itapewa alama ambayo haikuistahili. Rejea huandikwa kwa sikio, ukurasa ukiwa mtupu, nakala ya mashine ikiwa imefungwa.

Vilevile ni lazima mkubaliane mapema mnaandika nini. Bwana shamba wetu alikuwa na mazoea ya kusema "yaani" kila baada ya maneno machache, na mara nyingine alianza neno, akalikata, akaanza upya: "mya... myafunike." Je, hiyo "mya" ni neno? Tuliamua kwamba vipande vilivyokatwa na miguno ya "mmh" haviandikwi, lakini "yaani" inaandikwa kwa kuwa ni neno kamili. Mtu mwingine angeweza kuamua tofauti na asikosee. Kilicho muhimu ni uamuzi kuandikwa kabla ya kupima, na mashine zote zipimwe kwa uamuzi huohuo.

Msidhani binadamu hukubaliana kirahisi. Kuna mkusanyo maarufu wa mazungumzo ya simu ya Kiingereza cha Marekani uitwao Switchboard, ambao watafiti wameutumia kwa miaka mingi kama uwanja wa mashindano. Mwaka 2016 watafiti wa Microsoft walitangaza kwamba mfumo wao umefika asilimia 5.9 ya makosa katika mazungumzo hayo, sawa na wanukuzi wa kulipwa waliowapima. Mwaka uliofuata watafiti wa IBM walipima wanukuzi kwa uangalifu zaidi, wanukuzi hao wakapata asilimia 5.1. Mazungumzo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni jinsi wanadamu walivyoifanya kazi yao, na ubora wa binadamu ukasogea kwa karibu pointi moja nzima. Kwa hiyo ukiambiwa mashine imemfikia mtu, uliza ni mtu yupi, na alipewa nafasi ya kusikiliza mara ngapi.

Sasa tuingie kwenye video yenyewe. Nitachukua sehemu fupi tu, maneno 25, tuyahesabu pamoja. Bwana shamba alisema hivi:

"Wakulima wengi huvuna mahindi mapema mno. Kwa hiyo msiyaweke ghalani kabla hayajakauka. Yaanikeni juu ya turubai siku tatu au nne, na usiku myafunike yasipate umande."

Mashine ikaandika hivi:

"Wakulima wengi huvuna mahindi mapema mno kwahiyo myaweke ghalani kabla hayajakauka ya anikeni juu ya turubai siku 3 au 4 usiku myafunike yasipate umande"

Mwanafunzi akipewa kazi hii kwa mara ya kwanza hupanga maneno kwa namba: la kwanza na la kwanza, la pili na la pili. Maneno sita ya mwanzo yanakwenda vizuri. La saba ni "kwa" upande wa rejea, na "kwahiyo" upande wa mashine. Kuanzia hapo maneno kadhaa yamesogea hatua moja: "hiyo" inakutana na "myaweke", "msiyaweke" na "ghalani", "ghalani" na "kabla", na maneno sahihi kabisa yanahesabiwa makosa kwa sababu tu jirani yao amekosewa. Ndiyo maana kipimo hudai marekebisho machache iwezekanavyo. Ni lazima kwanza maandishi mawili yalinganishwe kama nguo mbili zinazopachikwa vifungo, ukiruka tundu pale inapobidi, ili maneno yanayofanana yakutane.

Hesabu ya kupata mlingano huo wenye gharama ndogo kabisa hutokana na kazi ya mwanahisabati wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, aliyoichapisha mwaka 1965. Yeye hakuwa akifikiria video wala hotuba. Alikuwa akitafiti misimbo inayoweza kujisahihisha pale ambapo alama zimebadilika, zimepotea au zimeongezeka njiani. Leo programu nyingi za kupima manukuu hutumia umbali wake, ila kwa maneno badala ya herufi.

Tukilinganisha kwa njia hiyo, bila kuhesabu nukta wala herufi kubwa, hesabu ya sehemu yetu ni hii. "Kwa hiyo" imekuwa neno moja, "kwahiyo": ubadilishaji mmoja na udondoshaji mmoja, makosa mawili. "Msiyaweke" imekuwa "myaweke": moja. "Yaanikeni" imekatwa kuwa "ya anikeni": ubadilishaji mmoja na uchopekaji mmoja, makosa mawili. "Tatu" imekuwa 3 na "nne" imekuwa 4: mawili. Neno "na" kabla ya "usiku" limedondoka: moja. Jumla ni makosa 8 katika maneno 25, sawa na asilimia 32.

Vijana walishtuka. Asilimia 95 ilikuwa imeporomoka hadi 68. Lakini niliwaomba watulie, kwa sababu hesabu hiyo haikuwa ya haki kwa mashine. Msomaji akikuta "siku 3 au 4" chini ya picha hapotezi chochote. Pengine husoma haraka zaidi. "Kwahiyo" na "kwa hiyo" ni suala la tahajia, na hata walimu huandika kwa kuunganisha. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, maandishi yote mawili hupitishwa kwenye usawazishaji: herufi kubwa huwa ndogo, alama za uakifishi huondolewa, tarakimu hugeuzwa maneno, na maneno yanayoandikwa kwa namna mbili huchaguliwa namna moja. Tulitengeneza orodha yetu: "kwahiyo" iwe "kwa hiyo", "kwasababu" iwe "kwa sababu", na kadhalika, kama maneno ishirini hivi.

Baada ya kusawazisha yalibaki makosa 4: "myaweke", mawili ya "ya anikeni", na "na" iliyodondoka. Asilimia 16. Mashine ileile, sauti ileile, rejea ileile, na kiwango cha makosa kimepungua nusu bila mtu kugusa programu. Ndiyo sababu sikubali tarakimu yoyote ya WER isiyoambatana na maelezo ya usawazishaji. Anayetaka kukuuzia atasawazisha mpaka kila tofauti itoweke, na anayetaka kumponda mshindani wake atahesabu kila nukta na kila mkato.

Kuna jambo la Kiswahili hapa ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa lugha nyingine havilisemi. Chukueni neno "hawakutuambia". Ndani yake kuna mtenda, ukanushi, wakati uliopita, mtendewa na kitendo. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyo. Mashine ikikosea irabu moja katika neno hilo, kwa Kiswahili imekosa neno zima, moja kati ya moja. Mwenzake wa Kiingereza akikosa kipande cha ukubwa huohuo amekosa moja kati ya matano. Basi mtu akikwambia mfumo wake una makosa asilimia 8 kwa Kiingereza na asilimia 20 kwa Kiswahili, usikimbilie kusema ni dhaifu mara mbili na nusu kwa lugha yetu. Huenda ni dhaifu kweli, lakini sehemu ya pengo hilo imo katika urefu wa maneno yetu. Wapo wanaopendelea kuhesabu herufi badala ya maneno, nao wana hoja nzuri. Kosa la "ya anikeni", ambalo lilitugharimu makosa mawili, kwa herufi ni nafasi moja tu iliyoingizwa.

Hata hivyo kuhesabu herufi kuna hatari yake, na sasa nafika kwenye neno ambalo limenifanya niuombe mhadhara huu. Rudini kwenye "msiyaweke". Mashine iliandika "myaweke". Kwa maneno ni kosa moja kati ya 25, yaani asilimia 4. Kwa herufi ni mbili tu, s na i. Kipimo chochote mtakachotumia, hili ni kosa dogo. Lakini bwana shamba alisema wakulima wasiyaweke mahindi ghalani kabla hayajakauka, na maandishi chini ya picha yake yanawaamuru wayaweke ghalani kabla hayajakauka.

Mahindi mabichi yakiingia ghalani huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutoa sumukuvu, sumu isiyoonekana kwa jicho na isiyoondoka kwa kupikwa kwa moto wa kawaida wa jikoni. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Waliougua na kuorodheshwa walikuwa 317. Hizo ndizo herufi mbili tunazozungumzia.

Ukanushi wa Kiswahili hukaa katika silabi nyembamba ndani ya kitenzi, mara nyingi bila mkazo. Katika "msiyaweke" ni "si" iliyobanwa katikati. Katika "hayajakauka" ni "ha" ya mwanzo, na wasemaji wengi huidhoofisha h hiyo mpaka isisikike. Kuna mahali ambapo ni irabu ya mwisho pekee: "hula" ni mtu mwenye kawaida ya kula, "huli" ni wewe usiyekula. Kipaza sauti kikiwa mbali, upepo ukivuma, au msemaji akiwa na haraka, silabi hizo ndizo za kwanza kupotea. Mashine nayo, ikiwa na shaka kati ya sauti mbili, huchagua lile neno ililozoea kukutana nalo. Anayepima manukuu ya Kiswahili na asihesabu ukanushi kando amepima kitu kingine.

Ili vijana waone wazi, niliwaonyesha nakala ya programu ya pili, ambayo wao walikuwa wameidharau kwa sababu ya sura yake mbaya:

"wakulima wengi uvuna maindi mapema mno kwa hiyo msiyaweke galani kabla ayajakauka yaanikeni juu ya turubai siku tatu au nne na usiku muyafunike yasipate umande"

Hesabuni: "uvuna", "maindi", "galani", "ayajakauka", "muyafunike". Makosa matano, yote ubadilishaji. Asilimia 20. Kwa kipimo, programu hii imeshindwa na ile ya kwanza yenye 16. Lakini mkulima yeyote akiisoma atacheka tahajia, kisha ataanika mahindi yake sawasawa. Hakuna agizo hata moja lililopinduka. Mimi, kama ningelazimishwa kurusha moja ya nakala hizo bila kuigusa, ningerusha hii ya asilimia 20, wala nisingesita.

Sisemi WER ni kipimo kibovu. Nakitumia kila wiki. Kinajibu vizuri swali moja: mhariri wangu atakuwa na marekebisho kiasi gani ya kufanya? Kati ya mashine ya 16 na ya 40, kipimo hakidanganyi, na nitamwokolea mhariri siku nzima. Swali ambalo hakijibu ni kama msomaji atapotoshwa, na swali hilo hujibiwa kwa kuyasoma makosa moja moja baada ya kuyahesabu.

Tulifanya hivyo kwa video yao. Tulinukuu kwa sikio dakika kumi kati ya zile kumi na mbili, tukapata maneno 1,040. Baada ya kusawazisha, programu ya kwanza ilikuwa na makosa 148: ubadilishaji 97, udondoshaji 38, uchopekaji 13. Hiyo ni asilimia 14.2. Kisha tukachapa yote 148 kwenye karatasi na kijana mmoja akapita na kalamu nyekundu. Alama ilikwenda kwa kila kosa ambalo mkulima akilifuata atafanya jambo tofauti na alivyoshauriwa. Zilikuwa 9. Mojawapo ilikuwa kwenye unyevu. Bwana shamba alisema mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia kumi na tatu na nusu, ambacho ndicho kikomo katika viwango vya Afrika Mashariki. Mashine ilisikia "kumi na tano na nusu". Neno moja, na sentensi inasomeka vizuri kabisa. Kosa la namna hii halinaswi na jicho la mhariri mchovu, kwa kuwa hakuna kinachokwaruza.

Juu ya uchopekaji nina neno la tahadhari. Kosa hili zamani lilikuwa dogo, neno moja moja lililozuka kutokana na kikohozi au mlango uliogongwa. Programu za siku hizi zina ugonjwa mpya. Sauti ikinyamaza, au muziki ukipigwa, zinaweza kutunga sentensi nzima iliyo na sarufi nzuri ambayo hakuna aliyeitamka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 juu ya mfumo wa Whisper wa kampuni ya OpenAI ulikuta maneno ya kubuni ya namna hiyo katika karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vilivyopimwa, na yaliongezeka kwa wasemaji wenye vituo virefu katika usemi wao. Wakati mwingine mashine hushika kirai kimoja na kukirudia kama santuri iliyokwama. Hapo ndipo ile N inapotusumbua. Msemaji akisema maneno 10 na mashine ikayaandika sawasawa kisha ikaongeza mengine 15, makosa ni 15 kwa 10, asilimia 150. Anayetangaza usahihi kwa kutoa WER katika 100 atapata hasi 50, na atakaa kimya juu ya video hiyo. Kwa hiyo nikiona uchopekaji mwingi mahali pamoja, naacha hesabu na kwenda kusikiliza dakika ileile. Mara nyingi nakuta ni muziki wa kufungulia video.

Wastani nao hufunika mambo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipima mifumo mitano ya kampuni kubwa: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wasemaji Weupe wastani wa makosa ulikuwa asilimia 19, kwa wasemaji Weusi ulikuwa 35, wote wakizungumza Kiingereza cha Marekani. Anayeona wastani mmoja tu hajui kwamba ndani yake wamo watu wanaohudumiwa vibaya karibu mara mbili. Kwetu swali hilo lina sura nyingi. Video yenye mzee wa Pemba, kijana wa Nairobi anayechanganya Sheng, na mama wa Lubumbashi haifai kupewa tarakimu moja. Pimeni kila msemaji peke yake. Katika video ya mahindi, bwana shamba alikuwa na asilimia 12 na mkulima mmoja aliyehojiwa shambani, penye upepo, alikuwa na 31. Mkulima huyo alizungumza kwa muda mfupi, kwa hiyo karibu hakuonekana katika 14.2 ya jumla.

Na mkijumlisha sehemu, jumlisheni makosa kwanza, kisha mgawanye. Ukiwa na sehemu ya maneno 900 yenye makosa 90 na sehemu ya maneno 100 yenye makosa 50, kiwango ni 140 kwa 1,000, asilimia 14. Ukichukua 10 na 50 ukatafuta wastani wake utapata 30, ambayo ni uongo. Nimeliona kosa hili katika ripoti zilizochapwa vizuri na kufungwa kwa utepe.

Watu huniuliza wapime dakika ngapi. Kwa video ya saa moja mimi huchagua sehemu nne za dakika mbili na nusu, nikiweka nyakati zake kabla sijaitazama: dakika ya 5, ya 20, ya 35 na ya 50, kwa mfano. Mwanzo wa video siutumii peke yake, maana hapo msemaji bado ana pumzi na kipaza sauti kimetengenezwa vizuri. Dakika kumi hunipa kama maneno 1,000. Kwa kiasi hicho naweza kutofautisha asilimia 14 na 20. Siwezi kutofautisha 14 na 15, na yeyote anayeshangilia pointi moja kwa maneno 1,000 anashangilia bahati. Mnakumbuka sehemu yetu ya maneno 25, ambapo kosa moja lilitosha kusogeza kiwango kwa pointi 4.

Kuhesabu kwa mkono kunafaa mara moja, ili mjue kinachotendeka. Baadaye kompyuta ifanye. Kwa lugha ya Python ipo maktaba ya bure iitwayo `jiwer`, inayosakinishwa kwa `pip install jiwer`. Mistari michache inatosha:

```python
import jiwer

ref = "kwa hiyo msiyaweke ghalani kabla hayajakauka"
hyp = "kwa hiyo myaweke ghalani kabla hayajakauka"

out = jiwer.process_words(ref, hyp)
print(out.wer)
print(jiwer.visualize_alignment(out))
```

`ref` ni rejea, `hyp` ni nakala ya mashine. Mstari wa kwanza wa majibu utakuwa 0.1666 na kuendelea, yaani kosa moja kwa maneno sita. Mstari wa mwisho wa programu ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu unapanga maandishi mawili juu na chini na kuweka herufi S chini ya "myaweke". Usawazishaji hautajifanya wenyewe. Herufi kubwa na nukta zitahesabiwa makosa msipoziondoa, na orodha ya "kwahiyo" na "kwasababu" mtaitengeneza ninyi, maana hakuna atakayewatengenezea kwa Kiswahili.

Vijana wangu hawakuitupa programu yao. Asilimia 14 ya makosa iliwaokolea muda mwingi wa kuchapa kuliko kuanza na ukurasa mtupu. Walichobadilisha ni utaratibu. Sasa kila nakala hupitiwa mara mbili, na mara ya pili hawatafuti tahajia hata kidogo. Sauti ikiwa wazi, wanasikiliza mambo mawili tu: kila kitenzi kinachoamuru au kukataza, na kila tarakimu. Video ya dakika kumi na mbili huwachukua kama dakika arobaini.

Nawaomba ninyi mnaotayarisha video za afya, za kilimo, za sheria na za ibada: kabla ya kuweka maandishi ya mashine chini ya sura ya mtu anayefundisha, fungeni nakala ya mashine, wekeni vipokea sauti masikioni, na mwandike dakika kumi kwa mkono wenu. Kisha hesabuni, na muyasome makosa yote, moja baada ya jingine. Video ile ya mahindi ilitoka wiki mbili baadaye, na kwenye dakika ya tatu, chini ya picha ya bwana shamba, imeandikwa: "Kwa hiyo msiyaweke ghalani kabla hayajakauka."